Anti, lifti yetu inazeeka na majirani hawataki kusikia habari ya mfuko

Anti shikamoo. Mi ni mweka hazina wa jengo letu huku Upanga, Dar, flati 24, chini mpaka ghorofa ya tano, kila floo flati nne. Jengo lina miaka 16 na lifti ni ile ile iliyofungwa mwanzo. Tunalipa sevisi chaji elfu 80 kwa mwezi, inaishia kwa walinzi, usafi, umeme wa korido na kuvuta maji taka, akiba tuliyonayo ni milioni 4 tu.

Mwezi wa pili pampu ya kupandisha maji ikaungua, ilikuwa na miaka 4 tu. Ile ya pili ya akiba ina miaka 9, tukaiwasha ikagoma, fundi akasema imeganda. Tukaitisha mchango wa haraka kwenye grupu la wasapu, wengine wakatuma siku hiyo hiyo, wengine kimya, wengine wako nje ya nchi na wapangaji wao wanasema hayo ni ya mwenye nyumba. Siku 9 tumebeba ndoo mpaka ghorofa ya nne anti, mama mkwe wangu ana miaka 74 alikuwa kwangu akawa anaoga maji ya chupa.

Baada ya hapo nikakaa nikapiga hesabu ya sinkingi fandi, ule mfuko wa kuweka kidogo kidogo kwa ajili ya vifaa vitakavyochoka. Nikachukua makadirio ya mafundi, pampu milioni 3 kila moja, ile mpya itaenda miaka 8 na ya zamani waliyoikwamua labda miaka 2, kuziba paa milioni 24 baada ya miaka 6, lifti mpya milioni 96 baada ya miaka 8. Nikagawa kila kitu kwa miaka yake nikapata kama elfu 62 kwa flati kwa mwezi, juu ya ile elfu 80. Kikao kililipuka. Mwenyekiti akasema tuchange kitu kikiharibika kama siku zote. Wa chini wakasema lifti haiwahusu. Na anayeniumiza zaidi ni mzee wa namba 2, mstaafu, mkewe alifariki, ndiye aliyenipokea nilipohamia hapa na nimelelea watoto sebuleni kwake. Alinifuata baadae akaniambia kwa upole, mwanangu mimi hiyo hela sina, na lifti yenyewe sijaipanda mwaka wa tatu huu.

Mume wangu anasema tuuze tuondoke. Mi najiona kama nawatesa watu kwa kitu cha miaka 8 mbele, halafu nikikumbuka zile ndoo naona nikinyamaza nitajuta. Nisukume hili jambo au niachie cheo?
Mama wa Ghorofa ya Nne

Marahaba mdogo wangu, na pole na zile ndoo. Kabla hatujafika kwa mzee wetu na kwa cheo chako naomba nianzie kwenye pampu, maana kuna kitu umekiandika ukakipita na mi kimenikaa kichwani tangu nisome barua yako.

Pampu ya miaka 4 imeungua, ya miaka 9 imeganda. Hakuna hata moja hapo iliyokufa kwa uzee. Mlimuuliza fundi kilichoiunguza? Kwenye majengo yetu ya Dar sababu ninayoikuta mara nyingi ni kwamba maji ya DAWASA yamekatika, tangi la chini limekauka, tangi la juu bado linaomba maji kwa hiyo pampu inaendelea kuzunguka bila maji usiku kucha. Maji ndiyo yanayopooza na kulainisha sili yake, ile inayozuia maji yasifike kwenye mota, yasipokuwepo sili inaungua, maji yakirudi yanaanza kupenya kuelekea kwenye mota, siku ikifika waindingi, yani nyaya za ndani ya mota, inaungua na fundi anakwambia ni umeme. Nenda kaangalie tangi la chini kama lina floti ya kuzima pampu maji yakishuka, wengi wanayo ile ya tangi la juu tu inayozuia maji kumwagika. Hiyo floti na waya wake ni hela ndogo sana ukilinganisha na milioni 3. Na ile ya akiba kuganda maana yake imekaa miaka bila kuzungushwa, kutu ikashika mapangaboi. Pampu mbili zinatakiwa kupokezana, wiki hii moja wiki ijayo nyingine, kuna paneli zinazofanya zenyewe ila hata mlinzi akipewa daftari na siku maalumu ya kugeuza swichi inatosha kabisa.

Nakwambia haya kwa sababu mfuko wako umesimama juu ya miaka. Umeandika pampu mpya itaenda miaka 8, kwenye hali ile ile iliyoua ya kwanza ndani ya miaka 4 mfuko utaishiwa hata kama wote 24 wanalipa kama saa. Kwa hiyo kila namba ya miaka uliyopewa na fundi iulize, miaka 8 kwa matunzo gani? Paa ni hivyo hivyo. Panda juu mwenyewe ukiwa na fundi mwezi wa pili kabla masika hayajaanza, angalia ile membreni ya lami inayozuia maji kama ina malengelenge, kama kuna mtu katoboa kufunga dishi, kama midomo ya kutolea maji imezibwa na majani na mifuko ya nailoni. Maji yakituama juu ya zege wiki nzima kila masika, membreni ya miaka 12 haifiki hiyo 12. Mkitaka uhakika zibeni midomo, mwageni maji kina kidogo yakae siku moja au mbili halafu mpite flati za ghorofa ya tano mkaangalie dari. Muulizeni kwanza mhandisi kama zege linabeba huo uzito, ila mkishaliona tone linapotokea mtajua kama ni kuziba sehemu tatu au ni paa zima, na hizo ni hela mbili tofauti sana.

Sasa tuje kwenye hiyo elfu 62 iliyolipua kikao. Hesabu yako haina kosa la kujumlisha, ila njia uliyotumia ndiyo inayopandisha namba. Umempa kila kifaa kibubu chake, pampu ya zamani ina kibubu chake kinachotakiwa kujaa ndani ya miaka 2, paa kibubu chake, lifti chake. Njia nyingine ni chungu kimoja, hela zote zinaingia pamoja na unachojiuliza ni kitu kimoja tu, kuna mwaka wowote ambao chungu kitakauka kabla bili haijalipwa? Hela iliyokuwa inasubiri lifti inaweza kulipia pampu ya mwaka wa pili bila mtu kukamuliwa zaidi, ilimradi kufikia mwaka wa nane imesharudi. Kwa namba zako zile zile, jumla ya matumizi ya miaka 8 ni milioni 126, toa milioni 4 mlizonazo, zinabaki 122, gawa kwa miaka 8 kisha kwa flati 24 na miezi 12, unapata kama elfu 53. Tayari elfu 9 imeshuka na hakuna kilichoondolewa.

Lakini mzigo wenyewe ni lifti, na hapo ndipo ningekaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Uliyemuomba makadirio alikuandikia lifti mpya, nzima. Ni kweli lifti ya miaka 24 itakuwa imechoka, ila haichoki yote pamoja. Reli zinazoongoza kabini, ule mzani wa chuma unaopanda kabini ikishuka, na fremu ya kabini yenyewe, hivi vikiwa havijapata kutu wala maji vinaweza kubaki mkabadilisha vingine. Vinavyotangulia kuchoka ni milango na mota yake ndogo, maana inafunguka na kufunga mara mamia kwa siku, halafu kamba za chuma, halafu kontrola, yani lile kabati la kadi za umeme. Na kontrola mara nyingi haifi kwa kuchoka, inakufa kwa sababu kadi zake hazitengenezwi tena, ikiungua moja mnaanza kutafuta iliyotumika mahali huko, lifti imesimama.

Kwa hiyo muombe fundi wa lifti vitu viwili kwa maandishi. Cha kwanza orodha ya wito wote wa miezi 12 iliyopita, kila mara aliyoitwa ni nini kilikuwa kibovu. Ukikuta wito 14 na 10 ni milango, umeshajua hela inatakiwa ianzie wapi. Cha pili, ni kifaa gani ambacho spea yake haipatikani tena, na zile zinazopatikana zinachukua muda gani kufika. Akikujibu kwa mdomo tu kwamba mama hii lifti imechoka badilisheni yote, tafuta maoni ya fundi mwingine asiye na lifti ya kuwauzia.

Tuchukulie tu, kwa mfano, kwamba majibu yanaruhusu ukarabati wa hatua kwa hatua badala ya lifti mpya. Milango mwaka wa nne kwa milioni 15, kontrola, mashine na kamba mwaka wa nane kwa milioni 45. Milioni 96 imekuwa 60. Rudi kwenye chungu chetu, jumla sasa ni milioni 90, toa 4, zinabaki 86, na mchango ni elfu 37 na mia tatu kwa flati kwa mwezi. Ukitaka kuona kama chungu hakikauki njiani fuata mwaka kwa mwaka. Kwa mwaka mnakusanya kama milioni 10 na robo tatu. Mwaka wa pili baada ya kununua pampu mnabaki na milioni 22 na nusu, wa nne baada ya milango mna 29, wa sita baada ya paa mna 26 na nusu, wa nane baada ya lifti na ile pampu nyingine mnabaki sifuri. Hakikauki kabla ya wakati, ila hakibaki na tone pia, kwa hiyo ukimwambia mtu kwamba elfu 37 inatosha jua kwamba inatosha kwa mwendo wa bila ajali, na mi ningependa muisogeze karibu na elfu 40 ili kosa moja la makadirio lisiwarudishe kwenye ndoo.

Najua unaniuliza na bei kupanda je? Vifaa vya lifti vinatoka nje, vinafuata dola. Kuna njia rahisi isiyohitaji kompyuta kubwa. Piga hesabu yote kwa bei za leo kama tulivyofanya, halafu timiza masharti mawili, mchango uwe unapanda kila mwaka kwa kadiri bei zinavyopanda, na hela iliyolala iwekwe mahali inapopata angalau faida ya kiasi hicho hicho. Yakitimia yote mawili hesabu ya bei za leo inasimama. Mkiugandisha mchango kwenye elfu 37 kwa miaka 8 kwa sababu kikao kimechoka kubishana, namba yako ya mwaka wa nane imekufa. Ndiyo maana ni bora mkubaliane mara moja kwamba utapanda kila Januari kuliko kurudi kikaoni kila mwaka kuomba upya. Na kila mwaka wa tatu hivi mwite fundi apitie tena bei na miaka iliyobaki, maana makadirio ya leo ya kitu cha miaka 8 mbele lazima yatakosea tu.

Sasa wenzetu wa chini. Umeandika kama vile kuna pande mbili, wanaolipa na wanaokataa, lakini hoja yao ina uzito na ukiipuuza itarudi kila kikao. Kwenye zile elfu 37 na mia tatu, theluthi mbili ni lifti, kama elfu 24 na mia tisa. Elfu 12 na mia nne ndiyo pampu na paa, na hivyo vinawahusu wote kwa sababu tangi liko juu na maji ya namba 2 yanatoka huko huko. Mkiamua flati nne za chini zisilipe lifti kabisa, zitalipa elfu 12 na mia nne na zile 20 zilizobaki zitapanda mpaka kama elfu 42 na mia tatu. Yani ugomvi wote ule ni elfu 5 kwa mwezi kwa flati ya juu. Mkiamua wa chini walipe nusu ya lifti, wao wanakuja kama elfu 25 na wa juu wanakuwa chini kidogo ya elfu 40. Ziandike hizo njia tatu kwenye karatasi moja watu wazione zikiwa pamoja, nimeshaona kikao kikitulia kwa kuona tu kwamba pengo ni dogo kuliko kelele.

Ila kila njia ina hatari yake. Ukishafungua mlango wa kila mtu alipie anachokigusa, kesho wa ghorofa ya pili atasema paa linamlinda wa tano, na asiye na gari atasema geti ni la wenye magari yeye asilipe. Na upande wa pili, wa chini anapokataa kulipia lifti, jengo lenye lifti mbovu linashusha bei ya flati zote, ya kwake ikiwemo, ingawa hilo kwa mtu ambaye hana mpango wa kuuza ni maneno matupu. Kuna na sheria hapa msiiruke, Sheria Na. 16 ya mwaka 2008 ya kumiliki sehemu ya jengo, ile watu wanaiita ya yuniti taito, pamoja na katiba ya chama chenu. Someni zinavyosema kuhusu uwiano wa michango kabla hamjapiga kura, maana mkigawana kwa namna inayopingana na karatasi zenu, mmoja tu asiyetaka kulipa ataitumia hiyo kama kinga yake. Wakili mmoja kwa saa mbili ni rahisi kuliko kesi.

Mzee wa namba 2 mi namuweka pembeni na hoja ya lifti, kwa sababu hata mkimsamehe lifti yote bado elfu 12 na ushee juu ya elfu 80 ni hela kwa mtu wa pensheni. Yeye hajakukatalia, amekwambia hana, na hayo ni mambo mawili. Kuna majengo wanaruhusu mmiliki wa umri fulani mchango wake uandikwe kama deni juu ya flati, haukusanywi kila mwezi, unalipwa siku flati inapouzwa au kurithiwa. Kwa mchango kamili wa elfu 37 na mia tatu kwa miaka 8 ni kama milioni 3 na laki 6 kwa bei za leo, kwa flati ya Upanga hilo si deni la kutisha. Lakini fikiria vizuri kabla hujaenda kumgongea mlango. Watoto wake wanajua? Siku akiondoka wakakuta karatasi ya deni yenye sahihi ya baba yao na jina lako wewe mweka hazina, watakuonaje? Kwa hiyo likifanyika liwe kwa maandishi, mbele ya mtoto wake mmoja na kamati, na liwe liko wazi kwa yeyote wa umri na hali hiyo, lisiwe la yeye peke yake kwa sababu ni mtu wako. Na jueni kuwa chungu kinapungukiwa hela yake kwa miaka yote hiyo, lazima hao wengine wawe wameizibia. Wengine wanaona heshima zaidi watoto wakichangia wenyewe kila mwezi kuliko jina la baba kuandikwa deni. Mi siwezi kukuchagulia hapo, wewe ndiye uliyekaa sebuleni kwake.

Mwenyekiti wako naye nimsemee kidogo. Kuchanga kitu kikiharibika si ujinga, kuna mtu ambaye hela yake ikikaa kwenye biashara inamzalia zaidi kuliko kwenye akaunti ya jengo, na kuna anayeogopa kuiacha mikononi mwa kamati, wewe ukiwemo, usikasirike. Hatari ya njia yake mmeshaiona, ni muda. Mwaka wa nane ile bili ya milioni 48 ni milioni 2 kwa kila flati ndani ya mwezi mmoja, na kama milioni 3 ya pampu iliwachukua siku 9 sijui hiyo itawachukua muda gani, na siku hizo zote mama mkwe wako anapanda ngazi. Kuna waliojaribu njia ya katikati, mfuko unabeba vile ambavyo vikizima jengo halikaliki, maji na lifti, na paa wanalichangia likikaribia kwa kuwa paa linatoa onyo mapema, doa kwenye dari halikuui usiku huo huo. Hiyo inapunguza mchango wa sasa. Ila inabidi watu wawe wakweli kwamba doa likionekana watachanga, na historia ya grupu lenu la wasapu unaijua wewe.

Hofu ya hela kuliwa ijibuni kwa vitendo. Akaunti ya mfuko iwe tofauti kabisa na ya sevisi chaji, jina la chama, wasaini watatu, mmoja awe mmiliki asiye kwenye kamati, na taarifa ya benki ibandikwe ubaoni kila robo mwaka. Nimeona mfuko ukifa bila mtu kuiba hata shilingi, walinzi hawajalipwa mwezi huu basi tukope kidogo kwenye mfuko tutarudisha, mwezi unaofuata umeme, baada ya miaka mitatu hakuna kitu na hakuna mwizi. Kwa hiyo iandikwe kwenye maamuzi ya mkutano mkuu hela hii inatoka kwa vitu gani tu. Na isikae yote akaunti ya kawaida. Hela ya pampu ya mwaka wa pili iwe mahali inapotoka haraka, fiksi fupi au mfuko kama ule wa Ukwasi wa UTT AMIS, wale wasimamizi wa mifuko ya uwekezaji, ya miaka ya mbele mnaweza kuulizia hati fungani za serikali za miaka 2 au 5 zinazouzwa na Benki Kuu, mkihakikisha zinaiva kabla ya bili yenu, maana mkilazimika kuiuza hati kabla haijaiva bei mtakayoipata ni ya siku hiyo, inaweza kuwa chini ya mliyonunulia.

Wanaonitia wasiwasi kuliko wa chini ni wale walio nje ya nchi. Mpangaji amesema kweli, huu ni mzigo wa mmiliki, yeye akihama hana cha kuondoka nacho. Sasa chukulia flati 6 kati ya 24 hazilipi. Fuata tena chungu, mwaka wa pili mna milioni 17, wa nne 18, wa sita 10, kila mwaka ukisimama kikaoni unasoma salio zuri watu wanapiga makofi, halafu mwaka wa nane unapungukiwa milioni 21 na nusu. Pengo halionekani mpaka siku ya lifti. Ndiyo maana kila ukisoma salio soma na namba ya pili pembeni yake, salio linalotakiwa kuwepo mwaka huo kwa mpango. Mwaka wa nne mna 18, ilitakiwa 29. Hapo mtu yeyote anaelewa bila kuwa mhasibu, na wale 6 wanafuatwa mapema kabla deni halijawa kubwa la kugombana. Waandikie barua kabisa kwa anwani zao, usiishie kwenye wasapu, na waambie mapema kwamba mmiliki akiuza mchango haurudishwi, unabaki na jengo, ila anaweza kumuonesha mnunuzi kwamba jengo lina mfuko na hana bili ya milioni 2 inayomsubiri.

Kuna dukuduku moja sina dawa yake. Wale waliouza flati zao wakaondoka walipanda hiyo lifti miaka yote bila kuweka hata shilingi, na ninyi mliopo mnalipia miaka 24 ndani ya miaka 8. Atakayesimama kikaoni kusema anaonewa anasema kweli. Mwambie hivyo hivyo, usimbishie.

Kuhusu wewe na cheo. Umeniuliza usukume au uachie, na mi nikisoma naona mtu aliyefanya kazi ya kamati nzima peke yake, mafundi umewafuata wewe, hesabu umepiga wewe, kikaoni umesimama wewe, kwa hiyo hata hasira zimekuangukia wewe. Inawezekana kinachokuchosha si mfuko, ni upweke wake. Ungejaribu kikao kijacho usipeleke namba ya mchango kabisa, upeleke karatasi mbili, ripoti ya fundi wa pampu na ile orodha ya wito wa lifti, kisha uombe watu watatu wa kupiga hesabu pamoja nawe, mmoja wa chini, mmoja wa wale wapangishaji, na mwenyekiti mwenyewe. Itachelewesha miezi miwili hivi na kuna uwezekano wakaja na mpango ambao wewe usingeuchagua. Ukiachia cheo napo siwezi kukulaumu, ila usiondoke na yale makadirio kwenye simu yako, yaprinti uyaache kwenye faili la jengo pamoja na hesabu zako. Na mkichagua kuuza kama anavyosema baba watoto, jiulizeni kwanza mnakoenda, ghorofa lingine la miaka 10 au 16 mtaulizia nini kuhusu pampu na lifti yake kabla ya kulipa.

Floti lakini usingoje kikao. Mpigie fundi wiki hii, milioni 4 mnazo.